Potenshali ya kikemia (μ) ni kitu gani hasa? Na kwa nini maji ya beseni yanakauka wakati jedwali linasema yasikauke?

#1 Nyuki_wa_Maabara
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, kemia. Juzi mhadhiri kaandika ubaoni μ = (∂G/∂n), T na P zisibadilike, akasema hii ndiyo potenshali ya kikemia, akafuta ubao akaendelea. Kudifrenshieti najua. Nipe G, ile nishati huru ya Gibbs, nitakutolea hiyo myu hata nikiwa nasinzia. Ila ukiniuliza ni kitu gani, naangalia dari.

Kilichonileta hapa ni hiki. Jedwali la nyuma ya kitabu linasema kwa 25 °C, maji kimiminika yana μ° ya −237.13 kJ/mol na mvuke wa maji una −228.57 kJ/mol. Tumefundishwa kwamba kitu huhama kutoka kwenye myu kubwa kwenda kwenye myu ndogo. Kwa hesabu hiyo kimiminika kiko chini kwa 8.56, kwa hiyo mvuke ndio ugeuke maji, na maji yakae yalivyo. Sasa jana nimeacha beseni la maji chumbani, leo jioni yamepungua kiasi cha kidole. Jedwali linadanganya, au mimi ndiye sijaelewa?

#2 Kichwa_Maji
Rahisi sana hiyo dogo. Myu ni nishati ya moli moja. Kila kitu duniani kinapenda nishati ndogo, kama maji yanavyoteremka mlimani. Mahali penye nishati kubwa molekuli zinatoka, penye nishati ndogo zinaingia. Zikilingana, umepata msawazo wa fezi. Kuhusu beseni, angalia kama halivuji.

#3 Fundi_Waya
Kusawazisha fezi usicheze nayo ndugu. Ukibebesha fezi moja mzigo wote, nyuta inapata moto, siku moja utaunguza nyumba. Gawanya soketi na taa sawasawa kwenye fezi zote tatu, kisha pima kwa klampu mita. Uko mkoa gani nikuelekeze fundi?

#4 Mhasibu_Mtata
😂😂 Fundi, fezi anazosema huyu ni barafu, maji na mvuke. Ingawa nazo ni tatu.

#5 Fundi_Waya
Aaah. Basi nakaa pembeni nisome. Nilishaanza kuandaa bei.

#6 Mkongwe_wa_Bomba
Nyuki, swali lako ni zuri, na beseni halivuji. Rudi kwenye jedwali uangalie alama iliyo juu ya herufi, ule mduara mdogo. Wengi wanaupita kama doa la wino. Unasema kwamba ile −228.57 ni ya mvuke wenye presha ya bar 1. Sasa niambie, chumbani kwako mvuke wa maji una bar 1? Hewa yote ya chumba kwa ujumla wake ndiyo yenye karibu bar 1, na mvuke wa maji humo ni sehemu ndogo tu.

Myu ya gesi haikai mahali pamoja, inafuata presha:

μ = μ° + RT ln(p / 1 bar)

Kwa 25 °C, RT ni 2.479 kJ/mol. Mvuke ukiwa haba, logi inakuwa hasi na myu inashuka. Kazi yako usiku wa leo: tafuta p ambayo itaishusha myu ya mvuke kutoka −228.57 hadi ifike −237.13. Usiangalie kitabu. Ukipata, rudi hapa.

#7 Nyuki_wa_Maabara
Nimerudi mzee.

−8.56 = 2.479 × ln p
ln p = −3.453
p = 0.0316 bar, yaani 3.16 kPa

Halafu nikafungua jedwali la presha ya mvuke wa maji. Kwa 25 °C wameandika 3.17 kPa. Nimeshtuka kidogo. Zile namba mbili sikujua kwamba zinajuana na presha ya mvuke. Nilidhani ni jedwali jingine kabisa.

#8 Kuku_wa_Kisasa
Mbona langu linasema 2.34? Mmoja wenu kakosea.

#9 Mkongwe_wa_Bomba
Hiyo 2.34 ni ya 20 °C, kijana. Soma safu ya kushoto. Tano tu za joto zinaipandisha hadi 3.17.

Nyuki, sasa beseni lako. Tuseme hewa ya chumba ina unyevu wa asilimia 70. Maana yake presha ya mvuke ni 0.7 ya ile 3.17. Myu ya mvuke iko chini ya myu ya maji ya beseni kwa RT ln 0.7, ambayo ni kama −0.88 kJ/mol. Mteremko ni kutoka kwenye beseni kwenda hewani, na ndiko maji yako yalikokwenda. Jedwali halikudanganya, lilikuwa linajibu swali jingine: maji na mvuke wa bar 1 wakikutanishwa kwa 25 °C, nani atashinda? Hapo kimiminika kinashinda, na mvuke wa bar 1 ungeanguka wote uwe maji.

#10 Kichwa_Maji
Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Inateremka kwenda penye nishati ndogo.

#11 Dogo_Fizikia
Hapana mkuu, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Kugeuza moli moja ya maji kuwa mvuke kwa 25 °C kunakula kama kilojouli 44. Mimina maji kiganjani upulize uone yanavyopoza. Molekuli iliyo kwenye mvuke ina nishati KUBWA kuliko iliyo kwenye maji. Kama kanuni yako ingekuwa kweli, hakuna nguo hata moja ingewahi kukauka.

Kinachotokea ni kwamba molekuli inalipa zile 44 ili ipate uwanja wa kuzurura. Namna za kukaa zikiwa nyingi, entropi inapanda. Kwa mvuke wa bar 1, uwanja huo una thamani ya kama 35, kwa hiyo zinapungua karibu 9, ndizo zile 8.56 za Nyuki. Mvuke ukiwa mwembamba zaidi uwanja unazidi kuwa mkubwa, na mahesabu yanageuka.

Mimi myu naisoma hivi: ongeza chembe moja kwenye mfumo bila kubadili nishati yake wala ujazo, uone entropi inabadilika kiasi gani. Hiyo ni −μ/T. Penye myu ndogo ndipo chembe moja ya ziada inaleta entropi nyingi zaidi. Mengine ni mapambo.

#12 Kichwa_Maji
G yenyewe inaitwa nishati huru. Nishati. Nimesema nishati.

#13 Dogo_Fizikia
Na popo anaitwa ndege usiku tu kwa kuwa ana mabawa?

#14 Mhasibu_Mtata
Wote mnamchanganya mtoto wa watu. Myu ni BEI. Nyanya zikiwa bei chini shambani na bei juu mjini, malori yanapakia yanakwenda mjini. Yanaendelea hadi tofauti ya bei isitoshe hata kulipa safari. Hapo soko limetulia. Watu bado wananunua na kuuza, ila hakuna faida ya kuhamisha. Nimemaliza, lipeni.

#15 Nyuki_wa_Maabara
Hii nimeipenda! Ila mhasibu, nyanya zinakwenda penye bei kubwa. Molekuli zinakwenda penye myu ndogo.

#16 Mhasibu_Mtata
Basi weka alama ya kutoa mbele. Nyie si ndio mabingwa wa alama.

#17 Mkongwe_wa_Bomba
Mfano wa bei una kasoro ya alama, lakini una jambo moja zuri ambalo wengine hamjaligusa. Bei ya nyanya haitegemei kama una tenga moja au lori zima. Myu nayo ni hivyo hivyo.

#18 Nyuki_wa_Maabara
Hapo ndipo nilitaka kuuliza. Beseni lina lita kumi, chumba kina mvuke wa gramu mia tatu hivi. Inakuwaje visawazishwe wakati beseni lina maji mengi hivyo? Nilidhani msawazo ni pande mbili kuwa na mkusanyiko sawa.

#19 Mkongwe_wa_Bomba
Hesabu uone. Maji kimiminika kwa 25 °C yana kama moli 55,000 katika mita moja ya ujazo. Mvuke wenye 3.17 kPa una moli 1.28 hivi katika mita hiyo hiyo. Tofauti ya mara elfu arobaini na zaidi, na bado viko kwenye msawazo kamili, hakuna kinachotaka kuhama. Mkusanyiko kulingana ni habari ya chumba kimoja kisicho na ukuta, sukari ndani ya chai. Fezi zikiwa mbili, kinacholingana ni myu, mkusanyiko hauhusiki.

Sababu si uchawi. Chukua silinda yenye pistoni, ndani maji na mvuke wake, joto na presha umevishikilia. Hamisha kamoli kadogo dn kutoka majini kwenda kwenye mvuke. Upande wa maji G inapungua kwa μ ya maji mara dn, upande wa mvuke inaongezeka kwa μ ya mvuke mara dn. Jumla inabadilika kwa tofauti ya hizo myu mbili mara dn. Kwa joto na presha vilivyoshikiliwa, G inakubali kushuka tu. Kwa hiyo kama tofauti si sifuri, kuna upande mmoja ambao kuhamia kunashusha G, na maji yatahamia huko. Yataacha pale tu tofauti itakapokufa. Ona kwamba hakuna popote nilipouliza maji ni lita ngapi. Tone moja na ziwa zima vina myu moja, mradi joto na presha ni vile vile na tone si dogo kama ukungu.

Na ile (∂G/∂n) ya mhadhiri ndiyo hiyo hiyo: unaongeza kidogo, unauliza G imesogea kiasi gani kwa kila moli uliyoongeza.

#20 Kuku_wa_Kisasa
Kwa maji matupu si ungegawa tu G kwa n upate jibu lile lile?

#21 Mkongwe_wa_Bomba
Kwa maji matupu, ndiyo. Tia chumvi ndani, ugawanyaji wako umekufa.

#22 Mama_Chumvi
Nimeona chumvi imetajwa nikafungua uzi. Watoto, mimi sijasoma hiyo myu, ila nauza chumvi jumla Pwani mwaka wa kumi na tisa huu. Naomba mniambie jambo. Gunia la chumvi ya dukani, ile laini, mchana ukilishika ni kavu, linamwagika kama mchanga. Usiku ule ule, bila mvua, alfajiri unakuta limelowa, sakafu ina alama ya maji. Nani kaja kulimwagia? Na chumvi ya mawe ya mashambani ndiyo mbaya zaidi, hiyo hata mchana inalia. Halafu lundo lililokaa miezi linakuwa na heshima kuliko la juzi. Wazee walisema ni upepo wa bahari unaleta maji. Sasa mbona gunia la unga kando yake halilowi?

#23 Salalah_Kazini
Shikamoo mama. Mimi niko Salalah, Oman. Huku kuanzia Juni hadi Septemba ni msimu wa kharifu, manyunyu na ukungu kutwa. Kanzu ukianika Jumatatu, Jumatano bado mbichi na inanuka. Chumvi mezani ni tope. Nafuatilia.

#24 Mkongwe_wa_Bomba
Mama, marahaba na asante, maana umeleta mfano mzuri kuliko wa beseni. Nyuki, kaa vizuri.

Maji yenye chumvi yana myu ndogo kuliko maji matupu. Kadiri chumvi inavyozidi, inashuka. Ukikoleza hadi punje zibaki chini haziyeyuki tena, haiwezi kushuka zaidi, imefika sakafu. Kwa chumvi ya kawaida, NaCl, sakafu hiyo inalingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75. Yaani juu ya maji yaliyokolea chumvi, mvuke unaokaa nayo kwa amani ni robo tatu ya ule wa maji matupu.

Sasa tuandike myu zote tukianzia maji matupu kama sifuri, kwa 25 °C:

maji yaliyokolea chumvi: RT ln 0.75 = −0.71 kJ/mol
hewa yenye unyevu 65: RT ln 0.65 = −1.07
hewa yenye unyevu 80: RT ln 0.80 = −0.55

Soma mwenyewe. Hewa ikiwa na 65, myu ya maji hewani iko chini kuliko ya maji ya chumvi. Ukimwaga tone kwenye gunia litakauka. Hewa ikifika 80, mambo yanapinduka: maji ya hewani yako −0.55, na kwenye utando wa chumvi yangekuwa −0.71. Yanateremka kutoka hewani kuingia kwenye chumvi. Na hayasimami, kwa sababu kila yanapoingia, punje nyingine zinayeyuka na kurudisha sakafu pale pale. Yataendelea hadi chumvi yote iyeyuke au hewa ikauke. Ndiyo maana unakuta dimbwi na si unyevu kidogo tu.

#25 Nyuki_wa_Maabara
Sawa, ila mama kasema mchana kavu, usiku imelowa, bila mvua. Maji ya hewani yameongezeka kutoka wapi?

#26 Dogo_Fizikia
Hayajaongezeka. Kimeshuka joto. Mchana 30 °C, maji matupu yana presha ya mvuke 4.25 kPa. Unyevu 65 maana yake hewani kuna 2.76. Usiku inakuwa 25 °C, mvuke ni ule ule 2.76, lakini sasa kipimo kamili ni 3.17. Gawa: 0.87. Bila tone moja kuongezwa, hewa imetoka 65 ikafika 87, na mstari wa 75 imeuruka katikati. Huo mstari wenyewe karibu hausogei joto likibadilika namna hiyo. Saa ngapi gunia lilianza kulowa, mama? Nakisia baada ya saa mbili usiku.

#27 Mama_Chumvi
Mwanangu, ukishika saa tatu unalihisi limeanza kunata. Kumbe ni hesabu.

#28 Mhasibu_Mtata
Unga je? Mmemruka mama.

#29 Mkongwe_wa_Bomba
Unga nao unakunywa maji, ila kidogo kidogo. Kila ukinywa, myu ya maji ndani yake inapanda, mpaka ilingane na ya hewani, hapo unaacha. Hauna sakafu inayojirudisha kama chumvi. Kwa hiyo hauvuji, ila utaota ukungu ukiuacha.

Kuhusu chumvi ya mawe: maji ya bahari yana magnesi, na maji ya mwisho yanayobaki shambani yamejaa kloridi ya magnesi. Hiyo sakafu yake iko chini sana, inaanza kunywa hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 hivi. Pwani hewa karibu wakati wote iko juu ya hapo. Lundo jipya limeshikilia maji hayo katikati ya punje. Likikaa miezi yanadondoka na kuondoka. Heshima ya lundo la zamani ni magnesi iliyokwenda zake.

#30 Salalah_Kazini
Na kanzu zangu?

#31 Dogo_Fizikia
Unyevu ukikaribia 100, RT ln 1 ni sifuri. Hakuna mteremko. Nguo iko kwenye msawazo na hewa, imeridhika ilivyo. Washa feni uone.

#32 Mkongwe_wa_Bomba
Feni haitasaidia hapo, Dogo. Feni inaondoa mvuke uliojikusanya karibu na kitambaa, lakini kama hewa inayoletwa nayo imeshajaa, umebadilisha nini? Apashe joto. Tahadhari moja tu: nguo ikiwa na joto lake na hewa na lake, huwezi tena kulinganisha myu mbili na kutangaza mshindi kirahisi hivi. Kanuni yetu inataka joto liwe moja pande zote.

#33 Dogo_Fizikia
Nakubali ya feni. Ila feni hiyo hiyo kwa unyevu wa 95 ingesaidia.

#34 Kuku_wa_Kisasa
Bibi yangu anaweka punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi na haigandi. Myu ya mchele inasemaje? Nadhani mchele unafyonza maji yote chumvi ikabaki salama.

#35 Mhasibu_Mtata
Bibi kafanya termodinamiki miaka yote hiyo bila cheti.

#36 Mkongwe_wa_Bomba
Sikubaliani na bibi kwa heshima zote. Kichupa kina matundu. Mchele utakunywa hadi ulingane na hewa ya jikoni. Kwa unyevu wa 75 unakuwa na maji kama asilimia 14 ya uzito wake, basi umeshiba. Baada ya hapo hewa ni ile ile, chumvi ni ile ile. Nafikiri kazi ya mchele ni kuvunja mabonge ukitikisa.

#37 Mama_Chumvi
Ila inafanya kazi. Nimeona.

#38 Dogo_Fizikia
Inawezekana usiku unyevu ukipanda saa chache mchele unawahi kunywa kidogo, mchana unatema. Kama kichupa kina matundu madogo, hewa ya ndani haifiki 75 kabla ya asubuhi. Hiyo siyo msawazo, ni mwendo. Mzee anajibu swali la msawazo, bibi anaishi kwenye mwendo.

#39 Mkongwe_wa_Bomba
Lete vipimo tuone.

#40 Nyuki_wa_Maabara
Wakuu, swali moja linanikwaza bado. Kwenye gunia lililolowa kuna punje, kuna maji ya chumvi, kuna hewa. Mnasema myu zilingane. Myu ya chumvi ilingane na ya maji?

#41 Mkongwe_wa_Bomba
Hapana! Hili ukikosea kwenye mtihani utalia kuliko gunia. Kila kitu kinajilinganisha na chenyewe. Maji ya kwenye utando yanalinganishwa na maji ya hewani. NaCl ya kwenye punje inalinganishwa na NaCl iliyoyeyuka. Maji hayana habari na myu ya chumvi, kwa sababu maji hayawezi kugeuka chumvi. Na chumvi haiendi hewani, kwa hiyo upande wa mvuke hakuna cha kuilinganisha nayo.

Sasa hesabu masharti yako. Viungo viwili, fezi tatu. Ukishashika joto hakuna kilichobaki huru, unyevu umefungwa pale 75 kwa lazima. Ongeza chumvi, punguza chumvi, ongeza maji kidogo, haujali, mradi punje zipo na maji yapo.

#42 Kichwa_Maji
Kwa hiyo ile kopo lililofungwa lenye chumvi mbichi ni kipimo cha unyevu?

#43 Mkongwe_wa_Bomba
Leo umepatia, na bila neno nishati. Watu wanatumia hivyo hivyo kukagua vipimo vya unyevu. Kifuniko cha chupa, chumvi, matone machache ya maji iwe kama uji mzito, isiwe mchuzi. Weka pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa, uache usiku kucha mahali pasipobadilika joto. Kipimo kizuri kitasoma 75.

#44 Fundi_Waya
Nimerudi. Mimi ninacho hicho kipimo, natumia kwenye vyumba vya seva, kinasoma joto na unyevu. Nimejaribu tangu jana usiku kwenye kopo la ice cream la watoto, chumvi ya jikoni ya pakiti. Asubuhi kimesoma 71.

#45 Dogo_Fizikia
Kipimo kimekosea kwa nne. Vya bei nafuu ndivyo vilivyo.

#46 Mama_Chumvi
Au chumvi hiyo haikuoshwa vizuri, ina ile magnesi. Pakiti isikudanganye fundi, nyingine zinafungwa kutoka lundo la juzi.

#47 Kuku_wa_Kisasa
Au kopo linavuja. Kopo la ice cream mfuniko wake ni wa kubahatisha.

#48 Fundi_Waya
Chumbani kwenyewe kilikuwa kinasoma 82. Kama kopo linavuja, si kingepanda kwenda juu?

#49 Mkongwe_wa_Bomba
Fundi umefikiri kama mkemia. Uvujaji haukushusha, kweli. Inabaki kipimo au chumvi. Nunua pakiti mbili za watengenezaji tofauti, rudia na kila moja. Zote zikitoa 71, kipimo ndicho kibaya. Zikitofautiana, mama kashinda.

#50 Nyuki_wa_Maabara
Asanteni sana wote. Nimeandika daftarini maana tatu: mteremko wa G wa mzee, entropi ya chembe moja ya Dogo, na bei yenye alama ya kutoa. Mhadhiri akiniuliza nitatoa ipi?

#51 Dogo_Fizikia
Yangu.

#52 Mkongwe_wa_Bomba
Toa ya kwanza, maana ndiyo aliyoandika ubaoni. Mimi mwenyewe kichwani natumia ya nne: hamu ya kutoroka. Lewis, yule wa vitone vya elektroni, aliipenda sana picha hiyo, na fugasiti yake ya mwaka 1901, ile presha iliyorekebishwa kwa ajili ya gesi halisi, imetokana nayo. Gibbs aliyeanzisha mambo yote haya katika miaka ya 1870 aliita potenshali tu.

#53 Kichwa_Maji
Hamu ya kutoroka = nishati.

#54 Dogo_Fizikia
Tusianze tena.

#55 Fundi_Waya
Nimenunua pakiti mbili, na mama kanitumia mfuko wa ya mawe kwa basi. Makopo matatu, kipimo kimoja, kwa hiyo ni usiku tatu. Ya kwanza leo imesoma 71 tena. Kesho naweka ya pili.